Ardhi ya mirathi haiuzwi: nimwandikieje mwendelezaji bila kumpuuza mdogo wangu?

SWALI

Mimi ni mtoto wa kwanza katika familia ya Kiislamu hapa Bagamoyo. Baba yetu alifariki mwaka 2016 na kuacha shamba la ekari nne lililopimwa na lenye hati, ambayo mpaka leo ina jina lake. Mahakama ya Mwanzo iliniteua niwe msimamizi wa mirathi, lakini shamba hatujaligawa. Warithi ni mama, wadogo zangu wa kiume wawili, na sisi wanawake watatu. Mmoja wa wadogo zangu wa kiume alifariki mwaka 2021, akaacha mke na watoto wawili wadogo.

Hivi karibuni kampuni moja ya uendelezaji milki imeniandikia mimi peke yangu ikitaka kununua shamba lote kwa shilingi milioni 480. Barua inasema nisipojibu ndani ya siku 14 itahesabiwa kuwa nimekubali, na imeambatanishwa na rasimu ya makubaliano inayosubiri saini yangu. Dalali aliyeileta ananiambia kwamba tukikataa, serikali itakuja kuchukua eneo hilo bure.

Mama hataki kusikia habari ya kuuza, kwa sababu kaburi la baba lipo humo. Wengi wetu tunakubaliana naye. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye ni mwanamke, anataka tuuze kwa sababu ana deni kubwa la matibabu ya mumewe. Wifi yangu mjane hajasema lolote. Nataka kuikatalia kampuni kwa heshima, lakini sitaki mdogo wangu aone nimemfungia mlango kwa kutumia cheo cha usimamizi. Niandike nini?

JIBU

Dada, kabla hujaandika chochote, amua kwanza unaandika kama nani, kwa sababu maneno yote mengine ya barua yatatoka hapo. Katika shamba hili una nafasi mbili zisizofanana. Wewe ni mrithi mwenye fungu lako, na wewe ni msimamizi unayeshika mali kwa niaba ya wenzako. Kampuni haikukuandikia wewe peke yako kwa bahati mbaya. Inajua kwamba maadamu hati ina jina la marehemu, anayeweza kusajiliwa kwa msajili wa hati kama mwakilishi wa marehemu, na kisha kutia saini ya kuhamisha umiliki, ni msimamizi. Saini yako inaweza kuhamisha shamba lote, yakiwamo mafungu ya watu ambao hawajaulizwa. Barua yako kwa hiyo iandikwe na msimamizi, itaje shauri la mirathi, na iseme wazi kwamba wenye haki ni wengi. Ukiandika kama mtu binafsi anayesema hataki kuuza mali yake, utakuwa umeikubalia kampuni bila kukusudia kwamba mali hiyo ni yako.

Sasa tuwatazame hao wengi ni akina nani hasa, maana familia nyingi huijadili bei kabla ya kujua nani ana nini. Kwa mgawanyo wa mirathi ya Kiislamu, ikiwa baba yenu hakuacha mzazi aliye hai wala mke mwingine, na madeni pamoja na wasia wake vimekwisha kulipwa, mama anapata thumni, yaani sehemu moja ya nane. Sehemu saba zinazobaki zinakwenda kwa watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Kwa wanaume wawili na wanawake watatu hesabu inakaa sawasawa: kila mwanamume sehemu mbili, kila mwanamke sehemu moja. Katika ekari nne, sehemu moja ya nane ni nusu ekari. Mama ana nusu ekari, wewe na wadogo zako wa kike nusu ekari kila mmoja, na kila mwanamume ana ekari moja.

Fungu la mdogo wako aliyefariki halikurudi kwenu. Lilikuwa lake tangu siku baba alipofariki, na yeye alipoondoka likawa mirathi yake mwenyewe, ambayo inahitaji msimamizi wake. Hapo mama yenu anarithi tena, safari hii kama mama wa marehemu, naye anapata sudusi, yaani moja ya sita. Mjane anapata thumni na kinachobaki ni cha watoto, ikiwa angalau mmoja wao ni wa kiume. Tukitumia bei ya kampuni kwa mfano tu, ekari moja ni shilingi milioni 120: mama milioni 20, wifi yako milioni 15, na watoto milioni 85. Ukimya wa wifi yako haupaswi kusomwa kama ridhaa wala kama kukataa. Huenda hajui kwamba ana fungu lake mwenyewe, na huenda anaogopa kuonekana anadai mali ya ukweni. Mfuate, umweleze hesabu hii, na umweleze pia kwamba fungu la watoto halimo katika hiari yake wala yako, kwa kuwa hawajafikia umri wa kuamua na mali yao inasimamiwa kwa manufaa yao.

Baada ya hapo itisha kikao kabla siku 14 hazijaisha, na walio mbali washiriki kwa simu. Uandikwe muhtasari wenye tarehe, majina ya waliohudhuria na msimamo wa kila mmoja kwa maneno yake mwenyewe, kisha wausaini. Msimamo wa mdogo wenu wa mwisho uandikwe kama alivyousema, pamoja na sababu yake. Ninasisitiza hili kwa sababu mihtasari ya familia nyingi huandikwa kwamba wote waliafikiana, na yule aliyepinga akisoma karatasi hiyo hujiona amefutwa. Anayefutwa ndani ya familia ndiye dalali humfuata kwa urahisi zaidi.

Je, unaweza kuikatalia kampuni hata kama mdogo wako bado anataka kuuza? Ndiyo, unaweza, na sababu yake haihusu wingi wa kura. Kutokuuza leo hakumpotezei yeye fungu lake, kwani nusu ekari yake inabaki palepale, ilhali kuuza kutawapotezea wengine mafungu yao bila njia ya kuyarudisha. Ila haki hiyo ya kukataa inakubebesha wajibu kwake, na nitaufikia.

Kuhusu vitisho viwili ulivyopewa, usivibebe. Ukimya si ridhaa katika mkataba, na mtu hawezi kukufunga kwa kuandika upande wake peke yake kwamba usipojibu umekubali. Tena kwa ardhi sheria ni kali zaidi: kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinataka makubaliano ya kuhamisha miliki yawe ya maandishi, au kuwe na kumbukumbu ya maandishi ya masharti yake, iliyotiwa saini na yule anayedaiwa. Hata hivyo jibu ndani ya muda, kwa sababu jibu la maandishi humaliza maneno ya pembeni. Kifungu hichohicho ndicho sababu ya kuwa mwangalifu na unachokitia saini, hata kiwe kifupi. Barua ya upole inayosema kwamba mmelikubali wazo kimsingi na mnasubiri tu kukamilisha taratibu inaweza kuja kutumiwa siku moja kama kumbukumbu ya makubaliano.

Ama hilo la serikali kuchukua bure, dalali si mamlaka ya utwaaji. Ardhi hutwaliwa kwa shughuli ya umma, kwa taarifa rasmi kwa wenye maslahi, na kwa fidia ambayo Sheria ya Ardhi inataka iwe kamili, ya haki na ya wakati. Kampuni binafsi inayotaka kujenga nyumba za kuuza haina uwezo huo. Siku mkipokea taarifa rasmi mtaishughulikia kama taarifa rasmi. Maneno ya dalali msiyajibu kabisa ndani ya barua, maana kuyajibu ni kuyapa uzito.

Lugha ya barua yenyewe inataka kupimwa. Usitaje bei, wala kusema kwamba ni ndogo, kwa sababu anayelalamikia bei ameingia kwenye mapatano, na wiki ijayo utaletewa bei nyingine. Usiandike kwamba ardhi haiuzwi kwa sasa, kwa kuwa maneno hayo mawili humwambia mfanyabiashara arudi. Lakini pia usiandike kwamba haitauzwa milele: huna mamlaka ya kuwafunga warithi wa kesho, hasa watoto wale ambao siku moja watakuwa na sauti yao. Sema tu kwamba haiuzwi. Usieleze habari za kaburi la baba yenu, maana kila sababu utakayotoa itapatiwa ufumbuzi, na mtaletewa pendekezo la kulihamisha au kuliacha ndani ya uzio wa watu wengine, jambo litakalomwumiza mama upya. Na usiandike kwamba warithi wote wamekataa, kwa sababu si kweli, na kampuni ikimpata anayetaka kuuza itakuwa imekukamata katika uongo. Kilicho kweli ni kwamba ombi limejadiliwa na halikukubaliwa.

Barua inaweza kuwa hivi:

(Jina na anwani ya msimamizi)
(Tarehe)

Mkurugenzi,
(Jina na anwani ya kampuni)

YAH: OMBI LENU LA KUNUNUA SHAMBA LENYE HATI NA. ____, BAGAMOYO

Husika na kichwa cha habari hapo juu, pamoja na barua yenu yenye Kumb. Na. ____ ya tarehe ____.

Ninaandika nikiwa msimamizi wa mirathi ya marehemu ____, niliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ____ katika Shauri la Mirathi Na. ____. Shamba mlilolitaja ni sehemu ya mirathi hiyo, na wenye haki ndani yake ni warithi kadhaa, wakiwamo watoto ambao hawajafikia umri wa utu uzima.

Ombi lenu nimelifikisha kwa familia na limejadiliwa. Ninawajulisha kwamba shamba hilo haliuzwi, na kwamba ombi lenu halikukubaliwa, si kwa shamba zima wala kwa sehemu yake yoyote. Ukimya wa mrithi yeyote usichukuliwe kuwa ridhaa.

Sijampa mtu yeyote, awe mrithi au dalali, mamlaka ya kuuza shamba hilo au kupokea malipo yoyote kwa niaba ya mirathi. Rasimu ya makubaliano mliyoiambatanisha ninairejesha bila kutiwa saini. Endapo mtakuwa na jambo lolote zaidi, tafadhali liletwe kwangu kwa maandishi, nami nitawafikishia warithi.

Ninawashukuru kwa kutuandikia rasmi.

(Saini na jina)
Msimamizi wa mirathi ya marehemu ____

Nakala: Warithi wote.

Soma aya ya nne pamoja na mdogo wako kabla ya kuituma. Ametajwa mle bila jina, kwa namna isiyomtofautisha na mrithi mwingine yeyote, na mstari wa mwisho unaahidi kwamba yatakayoletwa yatamfikia. Hiyo ndiyo heshima unayoitafuta, kwamba hafichwi habari za mali yake. Peleka barua kwa mkono na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, au itume kwa njia ya posta inayotoa stakabadhi, kisha uihifadhi pamoja na muhtasari wa kikao.

Mwulize pia, kwa upole na mkiwa wawili tu, kama ameshapokea pesa yoyote. Madalali wana desturi ya kumpa mrithi mwenye shida kishika uchumba cha milioni mbili tatu na kumsainisha karatasi ya kuuza fungu lake. Karatasi hiyo peke yake haiwezi kuhamisha ardhi ambayo bado iko chini ya mirathi. Na hata baada ya kugawana, ikiwa hati itaandikwa majina yenu wote kwa hisa, kifungu cha 159 cha sheria hiyohiyo kinataka mwenye hisa anayetaka kumpa mtu wa nje apate kwanza ridhaa ya maandishi ya wenzake, ridhaa ambayo nao hawaruhusiwi kuinyima bila sababu ya msingi. Lakini karatasi kama hiyo inatosha kuzaa kesi, au zuio kwenye daftari la msajili litakalowakwamisha wote kwa muda mrefu. Ikiwa amepokea, familia ichange zirudishwe haraka kwa maandishi, na asigombezwe.

Sasa ule wajibu niliosema nitaufikia. Dada, nitasema wazi: mdogo wako hana shida na kampuni, ana shida na mirathi iliyokaa tangu 2016 bila kugawanywa. Kanuni za Mahakama za Mwanzo zinamtaka msimamizi awasilishe taarifa ya mali na madeni ya marehemu, kwa Fomu Na. 5, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, au katika muda zaidi ambao mahakama itampa, na baada ya hapo hesabu kwa Fomu Na. 6 kila mahakama itakapoelekeza. Kama hujafanya hivyo, nenda kaombe muda na ukamilishe. Mtu mwenye nusu ekari yake kwa haki kamili, akashindwa kulipa deni la hospitali kwa sababu ndugu zake hawajakaa kugawana, ana malalamiko halali, na barua ya kukataa pasipo mgawanyo itakuwa imemfungia mlango kweli.

Kuna njia mbili za kumtoa pale alipo. Ya kwanza ni ile ambayo masheikh huiita takharuji, yaani mrithi anapokea fedha au mali kutoka kwa wenzake kwa maelewano, naye anatoka katika shamba. Kwa bei ya kampuni, nusu ekari ni shilingi milioni 60, lakini hiyo ni bei ya mtu anayetaka kununua, tena kwa eneo zima kwa pamoja. Mwiteni mthamini aliyesajiliwa awape thamani ya shamba kama lilivyo leo, na hapo mzungumze. Kama hamna milioni 60 kwa mkupuo, na familia chache huwa nazo, mnaweza kulipa kwanza kiasi kinachofunika deni la matibabu na kumalizia kwa awamu zenye tarehe. Makubaliano yaandikwe, yeye awe na nakala yake, na fungu lake lisihamie kwenu mpaka malipo yakamilike. Msimpunje kwa sababu ana haraka. Wewe hasa ujihadhari, kwa kuwa msimamizi anayejinunulia fungu la mrithi mwenye shida atatiliwa shaka hata akiwa mwadilifu, kwa hiyo bei ikubaliwe na wote na iwasilishwe mahakamani pamoja na hesabu.

Njia ya pili ni kumkatia nusu ekari yake ardhini. Mtahitaji mpima ardhi, mchoro mpya ulioidhinishwa kupitia halmashauri, na hati tofauti. Hapa ndipo penye ugumu usiozungumzwa mapema: nusu ekari ya kando ya barabara si sawa na nusu ekari ya bondeni, na lazima kipande chake kisiwe na kaburi na kiwe na njia ya kufika bila kupita kwa mwingine. Mkubaliane pia mapema kuhusu atakachofanya nacho. Akishapata hati yake mwenyewe anaweza kumwuzia amtakaye, ikiwamo kampuni ileile, na hapo mama atakuwa na jirani asiyemtaka mita chache kutoka kaburini. Ikiwa hilo linawatisha, basi njia ya kwanza ndiyo yenu, nanyi muwe tayari kuigharimia. Kwa maoni yangu, wanaotaka shamba libaki wana deni la kimaadili la kumlipa anayetaka kutoka, na ndugu yako wa kiume mwenye ekari nzima anapaswa kuchangia zaidi yenu.

Barua ikishapokelewa, angalia kodi ya pango la ardhi. Mara nyingi shamba la mirathi halina anayelipa kwa sababu kila mrithi anadhani mwingine analipa, na malimbikizo ya pango ni ukiukwaji wa masharti ya hati ambao unaweza kufikia kufutiwa milki. Lipa kwa jina lililo kwenye hati, utunze stakabadhi, na gharama hiyo uiingize katika hesabu za mirathi ili warithi wote wabebe kwa kadiri ya mafungu yao. Kisha pitia mipaka na mtu anayezijua bikoni, mhakikishe zote zipo, na kama kuna iliyong'olewa mtoe taarifa kwa ofisi ya ardhi ya halmashauri kwa maandishi kabla mvua hazijafuta alama yake.